Soketi inatoa cheche: nimwandikieje mwenye nyumba?

"Soketi ya sebuleni inapiga cheche nikichomeka pasi. Nimwandikieje baba mwenye nyumba alete fundi wa kweli? Niko Nyegezi."

Kuna mtu aliyekujibu uite TANESCO. Amepatia nusu: kazi yao inaishia kwenye mita, waya za ndani ni za mwenye nyumba. Cheche moja ndogo unapochomeka kitu kilichowashwa si ajabu. Zikirudiarudia, plastiki ikababuka na kunuka, mara nyingi ni waya uliolegea kwenye skrubu. Usiitumie tena, na uzime swichi ya saketi yake. Kisha andika ulichokiona, mfano:

"YAH: SOKETI YA SEBULENI
Shikamoo mzee. Tangu Jumamosi soketi ya karibu na dirisha inatoa cheche, imebabuka upande wa kulia na inanuka. Nimeacha kuitumia. Naomba fundi mwenye leseni ya EWURA aifungue, akague waya na ethi, asibadilishe soketi tu. Jioni nipo."

Tuma na picha kwa Wasapu, tarehe ibaki. Fundi akifika, mwombe leseni kabla hajashika bisibisi. Wa mtaani wengi hawana. Nani alipe? Hapo soma mkataba wenu.