Maswali yenu ya kipindupindu: mbona mtu anaisha usiku mmoja?

Jirani yetu hapa Nyalenda alikuwa mzima jioni, tukamwona dukani, asubuhi amekufa. Watu wanasema alilishwa sumu. Kweli kipindupindu kinaweza kuua haraka hivyo? – Mama Brayo, Kisumu

Pole sana mama kwa msiba. Ndio, kinaweza, na mara nyingi watu wakisema sumu ni kwa sababu hawajawahi kuona kitu kingine kinamaliza mtu mzima kwa masaa.

Kuna kitu wengi hawajui kuhusu tumbo. Kila siku matumbo yako yanapitisha kama lita 8 ama 9 za maji, na wewe umekunywa labda 2 tu, hizo zingine zinatoka mwilini mwako mwenyewe, mate, maji ya tumbo, nyongo na kadhalika, alafu utumbo unazinyonya tena karibu zote zinarudi kwa damu. Sasa kidudu cha kipindupindu kikifika kwa utumbo mwembamba hakiingii kwa damu, hakichomi, hakili nyama, kinakaa hapo juu ya ngozi ya ndani kinatoa sumu yake. Hiyo sumu inaingia kwa seli za utumbo inafungua mlango wa chumvi na kuuacha wazi, chumvi inamwagika ndani ya utumbo, na chumvi ikienda maji yanaifuata. Ndio maana choo kinakuwa maji meupe kama yale umeoshea mchele, wala si chakula tena, ni maji ya damu yako yanatoka.

Mgonjwa aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa moja. Piga hesabu ya mtu wa kilo 60. Akipoteza lita 6 hiyo ni sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, na hapo damu imepungua maji hadi moyo hauna kitu cha kusukuma, presha inaanguka, figo zinasimama. Akianza saa sita usiku na hakuna kitu kinarudi ndani, kufikia alfajiri yuko pale. Na kwa kawaida hana joto jingi, hana maumivu makali ya tumbo, kwa hivyo familia inadhani ni kuharisha kwa kawaida wanangojea kukuche. Huko kungoja ndiko kunatunyang'anya watu.

Nilipeleka kaka yangu kwa zahanati wakampa tu maji ya ORS, hakuna antibayotiki. Nikanunua Flajili kemisti mwenyewe. Nilikosea? – Otis, Manyatta

Kumpeleka hukukosea, lakini hiyo Flajili haikumsaidia, haiui kidudu cha kipindupindu. Najua kwetu tumbo likiharibika tu mtu anakimbilia hiyo, lakini hii si yake.

Hata antibayotiki yenye inafanya kazi, kama doksisaiklini, ina shida ya wakati. Inaua vidudu, sawa, lakini sumu yenye imeshaingia kwa seli haiigusi, na hizo seli zitaendelea kumwaga maji hadi zichakae zibadilishwe na mpya. Kwa hivyo unaweza kumeza dawa saa mbili asubuhi, vidudu vikaanza kufa, na saa sita mchana bado unaenda choo. Dawa inapunguza siku za kuharisha karibu nusu, na pia kiasi cha choo, hiyo ni faida kubwa kwa yule amezidiwa, ndio maana tunampa. Lakini mgonjwa wa kipindupindu hafi kwa sababu ya vidudu, anakufa kwa sababu maji na chumvi zimeisha, na hiyo inatokea kabla dawa ipate nafasi. Ukipatia mtu maji bila antibayotiki, karibu wote wanapona. Ukimpatia antibayotiki bila maji unamzika.

Sasa utauliza, kama utumbo unamwaga maji, haya ya kunywa yataingia aje? Nikiwa mwanafunzi hata mimi nilishangaa. Ile sumu inaharibu mlango mmoja tu. Kuna mlango mwingine kwa hizo hizo seli, wa sukari, na huo hauguswi. Unafunguka tu kama sukari na chumvi zimefika pamoja, zinashikana mkono zinaingia, na maji yanafuata nyuma yao. Maji matupu hayana hiyo tiketi, mengi yanapita tu. Ndio maana hiyo pakiti ya ORS, yenye watu wanaona ni kitu cha mtoto, ni dawa kamili.

Na hii ilijaribiwa mahali pabaya kabisa. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladeshi, wakimbizi walijaa kambi ya Bangaon upande wa India, kipindupindu kikaingia na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari kwa mapipa, jamaa za wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Bila antibayotiki mpya yoyote, bila mashine.

Kitu kimoja tu nataka ushike Otis: ORS haizuii kuharisha. Kaka yako atakunywa na bado ataenda choo, pengine hata sana, na hapo ndio watu wanakata tamaa wanasema hii maji haifanyi kazi wanaacha. Inafanya. Usiangalie choo, angalia kama anakojoa, kama macho yanarudi, kama ana nguvu ya kuketi.

Mzee wangu anatapika kila akinywa. Nimpe aje, na ni kiasi gani? Na hospitali niende saa ngapi? – Akinyi, Dunga

Dada, akitapika ngoja dakika 10 alafu anza tena na kijiko, kijiko kimoja, pumzika kidogo, kingine. Glasi nzima kwa mara moja ndio inarudi. Hata akitapika, kuna sehemu imebaki ndani.

Kiasi: kama bado ana fahamu na anaweza kunywa lakini ameanza kukauka, macho yameingia, ana kiu kali, hesabu ni mililita 75 kwa kila kilo ndani ya masaa 4. Mzee wa kilo 60 anahitaji lita 4 na nusu. Hiyo ni glasi 18 za robo lita, karibu moja kila dakika 13. Nimeandika hivyo makusudi kwa sababu mtu akiambiwa "kunywa maji mengi" anakunywa vikombe 3 anaona amejitahidi. Baada ya hapo glasi moja kila akitoka choo, zaidi kama anataka. Mtoto wa chini ya miaka 2 robo hadi nusu kikombe kila akiharisha, na titi aendelee kunyonya, usimkatize.

Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kuna za lita moja na kuna za nusu lita. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu si vya kilima. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Hii ya nyumbani haina potasiamu yenye pakiti inayo, kwa hivyo ni ya kumshikilia mkienda kutafuta pakiti, na ndizi ikikaa tumboni itasaidia.

Hospitali msingoje hata kidogo ukiona hizi: amelegea ama anasinzia, hawezi kunywa, sauti imekauka, vidole vimekunjamana kama vya mtu amefua nguo siku nzima, ukifinya ngozi ya tumbo inakaa imesimama kabla irudi, ama mshipa wa mkononi hausikiki. Na mkiwa kwa bodaboda ama tuktuk mwendelee kumpa vijiko kama anameza.

Nikupe mfano wa mama mmoja muuza samaki, kilo 60 hivi hivi. Alianza saa tisa usiku, akaletwa saa tatu asubuhi, mshipa hausikiki, anakuangalia tu. Kwa mtu kama huyo kijiko kimechelewa, anataka dripu, na dripu yenyewe ni Ringa lakteti, si ile ya glukosi tupu yenye watu wanapenda kuitisha ati inapa nguvu, hiyo haina chumvi alizopoteza. Hesabu ni mililita 100 kwa kila kilo, kwake lita 6. Tuliweka sindano mikono yote miwili, lita 1.8 zikaingia nusu saa ya kwanza, na 4.2 zingine masaa mawili na nusu yaliyofuata. Kabla ya nusu saa kuisha mshipa ulirudi, akauliza watoto wako wapi. Alipoweza kumeza tukamwanzishia ORS na dripu bado inaenda, na kutapika kulipoisha ndio akapewa doksisaiklini miligramu 300, mara moja tu, basi. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo yenye alama za lita, kila kilichotoka tulipima tukarudisha hicho hicho. Siku ya tatu alienda nyumbani.

Nimpe soda ama jusi badala ya ORS? – Kevo, Nakuru

Hapana. Sukari ni nyingi mno na chumvi hakuna, sukari ikizidi kwa utumbo inavuta maji yatoke zaidi. Na dawa za kufunga tumbo pia hapana, kabisa.

Sisi tunachemsha maji ya kunywa kila siku na bado tulipata. Kiliingilia wapi? – Mwalimu, Nyalenda

Mwalimu, kiliingia kwa mdomo, hakina njia nyingine, swali ni kilipanda nini. Kwa nyumba nyingi nimeuliza nikakuta maji ya kunywa yamechemshwa vizuri, lakini nyanya na dania za kachumbari zimeoshwa na ya kisima, ama maji yaliyochemka yakawekwa kwa mtungi na kila mtu anachovya kikombe na mkono. Visima vyetu vya Nyalenda ni vifupi na vyoo vya shimo viko hapo karibu, mvua kubwa ikija vinakuwa kitu kimoja. Ziwa pia, kidudu hiki kinaweza kuishi majini bila binadamu, kinashikilia vijidudu vidogo vya maji na gugumaji. Alafu kuna chakula kilichopikwa kikaachwa vuguvugu, kama wali wa matanga uliokaa tangu asubuhi, humo kinazaana.

Wengi wenye wamebeba kidudu hawaumwi hata kidogo lakini wanakitoa kwa choo hadi siku 10 hivi, kwa hivyo usitafute mgonjwa wa kulaumu. Weka klorini kwa maji ya nyumba yote, si ya kunywa peke yake, tumia mtungi wa bomba. Na kama kuna mgonjwa, matapishi na choo chake mwagia dawa ya kufulia ya klorini, chupa ikiandikwa asilimia 3.5 basi kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, acha dakika 10 ndio upanguse, na anayepangusa avae glavu ama mifuko ya plastiki mikononi kisha anawe na sabuni kabla hajagusa sufuria.