Aliyepata 10 kamili anahesabiwa wapi?

Mimi ni mwalimu hapa Kadutu, Bukavu. Nimehesabu pointi za darasa langu kwa FREQUENCE ya Excel, na watoto waliopata 10 juu ya 20 wametiwa pamoja na walioanguka. Fomula imekosea?

Haijakosea, Mwalimu. Namba unayoipa FREQUENCE ni kikomo cha juu cha kundi, na kikomo chenyewe kimo ndani. Ukiandika 10, umeiambia ihesabu kila aliyepata 10 au chini ya hapo. Ukiandika 14 chini yake, itahesabu waliozidi 10 mpaka 14 kamili. Waliozidi 14 inawaweka peke yao mwishoni, hata kama hukuwaandikia kikomo.

Tuchukue watoto 12, pointi zao ziko B2 mpaka B13: 7, 8,5, 9,5, 10, 10, 11, 12, 13, 14, 14, 16, 17. Vikomo 10 na 14 viko D2 na D3.

```
=FREQUENCE(B2:B13;D2:D3)
```

Utapata 5, 5 na 2. Lakini kwa desturi ya shule, 10 ni pasi, kwa hiyo walioanguka ni 3 tu. Mimi hapo ningetumia NB.SI.ENS, kwa sababu ndani yake unaandika mwenyewe nani aingie na nani abaki nje. Weka mwanzo wa kila kundi kwenye D (0, 10, 14) na mwisho wake kwenye E (10, 14, 21), kisha andika fomula hii kwenye F2 na uivute mpaka F4:

```
=NB.SI.ENS(B$2:B$13;">="&D2;B$2:B$13;"<"&E2)
```

Sasa utapata 3, 5 na 4. Angalia kundi la katikati: mara zote mbili ni 5, lakini si watoto wale wale. Wenye 10 wameingia, wenye 14 wametoka. Ndiyo maana jumla kuwa 12 haitoshi kukuhakikishia kwamba jedwali ni sahihi. Mtafute mtoto mmoja aliye mpakani, umfuate mpaka kundi lake. Niliwahi kupeleka jedwali la namna hii kwenye shule moja bila kufanya hivyo, na wazazi wa watoto wawili wakaambiwa wameanguka ilhali walikuwa wamepita. Bado inaniuma.

Kikomo cha mwisho nimeandika 21 kwa makusudi. Ukiandika 20, yule aliyepata 20 juu ya 20 hatahesabiwa popote.

Niko Lubumbashi. Nimeandika COUNTIFS kama kitabu kinavyosema, kompyuta inaniletea #NOM?

Kitabu chako ni cha Kiingereza, Excel yako ni ya Kifaransa. COUNTIFS andika NB.SI.ENS, na FREQUENCY andika FREQUENCE. Kati ya vipande vya fomula weka nukta mkato, si koma. Koma kwako ni ya desimali.

Kwangu FREQUENCE inatoa namba moja tu, nyingine hazionekani. (Goma)

Excel yako ni ya zamani, 2019 au kabla yake. Chagua kwanza seli zote za majibu, moja zaidi ya idadi ya vikomo: vikomo 2, seli 3. Andika fomula ukiwa umezichagua hivyo, kisha bonyeza Ctrl+Maj+Entrée kwa pamoja. Ile seli ya ziada usiisahau, la sivyo kundi la juu kabisa halitaonekana.

Nauza makala hapa Goma. Nimepima magunia 60, lakini nikijumlisha jedwali napata 57. Matatu yamekwenda wapi?

Yako palepale, Mama, ila Excel inayaona kama maandishi. FREQUENCE huruka maandishi bila kukuonya, na NB.SI.ENS yenye alama za > na < hufanya vivyo hivyo. Jaribu hizi mbili:

```
=NB(B2:B61)
=NBVAL(B2:B61)
```

Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili huhesabu kila seli yenye kitu. Kama ya kwanza ni 57 na ya pili ni 60, umeshajua. Ukiwa hujapanga safu kushoto wala kulia kwa mkono, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, kwa hiyo yale matatu utayaona kwa macho. Mara nyingi mtu ameandika "48 kg", au 48.5 kwa nukta badala ya 48,5. Futa "kg", nukta ibadilishe iwe koma, na jumla itafika 60 yenyewe.

Ila kama NBVAL nayo inatoa 57, basi kuna seli tatu tupu: uzito haukuandikwa. Usijaze 0, maana 0 itahesabiwa kama gunia jepesi. Rudi kwenye mizani.