Maswali na majibu: Mfupa wa kupandikiza

Daktari, nilivunjika muundi miezi 10 iliyopita kwa ajali ya bodaboda, nikafungwa sahani ya chuma. Haujaunga. Sasa naambiwa nitachimbwa mfupa kiunoni ujazie pengo. Si kuna mfupa wa kununua? Kwa nini nipasuliwe mara mbili? (Dereva, Morogoro)

Pole sana, ndugu yangu. Mfupa unaojazia pengo hufanya kazi tatu, na ni vizuri uzitazame kama ujenzi wa nyumba ya udongo. Fito ni njia ambayo mfupa mpya na mishipa ya damu hutambaa juu yake. Hiyo ndiyo osteokondaksheni. Anayewaita mafundi ni protini zinazoamuru seli changa zigeuke kuwa seli za mfupa, yaani osteoindaksheni. Na mafundi wenyewe ni seli hai zinazojenga papo hapo, osteojenesisi. Punje za kalsiamu fosfeti za dukani ni fito tupu. Mfupa wako wa nyonga una vyote vitatu.

Tuseme pengo lako ni sentimita 3, na muundi una upana wa sentimita 2.5. Hapo panahitajika kama mililita 15 za mfupa laini ulioshindiliwa. Ukingo wa mbele wa nyonga, pale mkanda wa suruali unapokaa, kwa kawaida unatosha kwa kiasi hicho. Pengo likiwa kubwa zaidi, tunageukia nyonga ya nyuma, au tunakwangua ndani ya mfupa wa paja kwa kifaa maalumu, ingawa njia hiyo ina hatari ya kupoteza damu nyingi.

Kabla ya hayo yote, muulize daktari wako mambo mawili. Je, pana usaha uliojificha? Kidonda chako kama kilikuwa wazi siku ya ajali, vipande vya nyama na mfupa kutoka sehemu kadhaa vipelekwe maabara, kwa sababu mfupa uliopandwa kwenye usaha hufa na kuoza. Wadudu wakionekana, pengo husafishwa na kujazwa kwanza saruji ya mifupa yenye antibayotiki, na mfupa hupandwa baada ya wiki 6 hadi 8, ndani ya utando ambao mwili umeutengeneza kuizunguka saruji. La pili, je, sahani bado imeshika? Skrubu zikiwa zimelegea, ncha za mfupa zinachezacheza, na hakuna kipandikizi kitakachoshika hapo mpaka chuma kibadilishwe.

Mama yangu mdogo anawekewa mfupa wa marehemu kwenye nyonga ya bandia. Mwili hautaukataa? Atameza dawa maisha yake yote kama wa figo? (Binti, Mombasa)

Hapana, dawa hizo hatazihitaji. Mfupa huo umesafishwa, ukagandishwa au kukaushwa, na mara nyingi umepigwa mionzi. Seli zake zimekufa, na ndiyo sababu mwili hauushambulii kama figo. Gharama yake ni hiyo hiyo: hauna mafundi, kwa hiyo mwili huutambalia polepole na huenda usiumalize kuugeuza. Mtoaji hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Hatari ya kuambukizwa ni ndogo mno, ila haijafika sifuri.

Mguu umeunga, namshukuru Mungu, lakini nyonga walikochimba inauma na paja kwa nje lina ganzi. Wamenikata mshipa? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Maumivu ya nyonga ndiyo malalamiko tunayoyasikia zaidi, na kwa wengine hushinda yale ya mguu wenyewe. Kwa wengi hupungua katika miezi michache. Wachache hubaki nayo. Ganzi hiyo inatokana na neva ya hisia inayopita karibu na ncha ya mbele ya nyonga. Ndiyo maana tunaanza kukata angalau sentimita 3 nyuma ya ncha hiyo. Mara nyingi neva imevutwa tu, haijakatwa, na hisia hurudi taratibu. Haiendeshi msuli wowote, kwa hiyo mguu hautapooza.

Rudi hospitali upesi ukiona uvimbe unaokua, joto na usaha. Rudi pia ukisikia mlio wa ghafla na maumivu makali mbele ya nyonga wakati wa kusimama: misuli ya paja inaweza kuing'oa ncha iliyodhoofishwa. Wengi hupona kwa magongo na mapumziko bila kupasuliwa tena. Na uvimbe unaotokeza ukikohoa kisha ukarudi ndani ukilala ni ngiri iliyopitia tundu la mfupa. Usikandwe, upigwe sitiskani.

Nimesikia kuna protini inayootesha mfupa. Si ndiyo iondoe upasuaji wa nyonga? (Mwanafunzi wa uuguzi, Kisumu)

Ipo. Mwaka 1965 Marshall Urist alionyesha kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukipandwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya; humo ndimo protini za BMP zilimojulikana. BMP-2 iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa kuunganisha pingili za mgongo, na mwaka 2004 kwa muundi uliovunjika ukiwa na kidonda wazi. Lakini inaita mafundi tu, na lazima iwepo seli ya kuitika. Kwenye kovu gumu lisilo na damu ya kutosha, wa kuitika ni wachache. Pia ni ghali, na ilipotumika shingoni baadhi ya wagonjwa walivimba koo hadi kushindwa kupumua, Marekani ikatoa onyo mwaka 2008. Kwa dereva wa Morogoro hapo juu, bado ningechimba nyonga.