Macho yanaona, kichwa kinauma

*Daktari, mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kondele, nina miaka 34. Ikifika saa kumi jioni paji la uso huniuma. Nilipimwa macho, nikasoma herufi hadi mstari wa mwisho. Je, ni presha?*

Presha pima tu, lakini mimi ninayashuku macho hayo hayo. Kusoma herufi za mbali hakuonyeshi umetumia nguvu kiasi gani kuzisoma. Tuseme una tatizo la kuona karibu la dayopta +1.50, kipimo cha nguvu ya lenzi, ambalo misuli ya ndani ya jicho hulificha kwa kujikaza. Simu unayoishika sentimita 33 kutoka usoni inadai nguvu ya 3 zaidi, jumla 4.5. Mtu wa umri wako huwa na nguvu ya takriban 8, na jicho huchoka likitumia zaidi ya nusu kwa muda mrefu. Ndiyo maana asubuhi uko sawa, jioni kichwa kinauma, na Jumapili ukifunga kibanda huumwi.

Kuna jaribio rahisi. Kwa muuza miwani, vaa ya +1.00 kisha utazame bango lililo mbali. Jicho lisilo na tatizo hili litaliona na ukungu. Likibaki wazi kabisa, rudi ukapimwe, na uombe matone ya kulegeza misuli kabla ya kipimo. Siku hiyo usipange kuhesabu pesa, maana kwa saa kadhaa maandishi ya karibu hayatasomeka.

*Niliuziwa miwani ya kuzuia mwanga wa buluu hapa Nakuru, na bado macho yanawasha nikiwa kwenye kompyuta.*

Pole kwa pesa zako. Mwanga huo sio unaokuchosha. Mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, yakakauka. Shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, upepese kwa makusudi, na kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi.

*Mama ana miaka 46, anasoma Biblia akiwa amenyoosha mkono. Miwani ya barabarani hapa Kakamega itamwumiza?*

Haitamharibu macho. Umri huo lenzi ya jicho imeshakakamaa, na wengi huridhika na +1.25 au +1.50. Kasoro yake ni kwamba vioo vyote viwili vina nguvu sawa, na macho ya watu wengi hayalingani. Akiumwa kichwa akiivaa, basi haimfai. Hata ikimfaa, apimwe mara moja, ikiwemo presha ya jicho, kwa sababu glakoma ya kawaida hula uwezo wa kuona bila maumivu yoyote.

*Nitajuaje kuwa si macho?*

Maumivu ya upande mmoja yanayodunda pamoja na kichefuchefu mara nyingi ni kipandauso, na miwani haitayaponya. Maumivu yanayokuamsha alfajiri na kukutapisha ni ya daktari wa kawaida, tena upesi. Na jicho likiwa jekundu ghafla, linauma sana, na unaona duara za rangi kuzunguka taa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.