Ukurasa wa kampeni: kitufe kimoja, bila menyu

"Wakuu, nachora ukurasa wa kampeni ya kuchangia damu. Bosi anataka menyu yote ya tovuti ibaki juu. Nianzie wapi?"

Mkuu, anzia kwenye kitufe. Chora fremu ya simu yenye upana wa pikseli 360, uandike maneno halisi: "Jiandikishe kuchangia damu". "Tuma" haimwambii mtu anakubali nini. Juu kabisa weka kichwa chenye siku, mahali na saa, kisha fomu ya jina, simu na muda atakaofika, halafu kitufe. Anwani na barua pepe ziache. Mchoro wote uwe wa kijivu, rangi ipate kitufe peke yake.

Menyu iondoe, na nembo isibofyeke. Bosi akishikilia, hesabuni pamoja viungo vyote vinavyomtoa mtu kwenye fomu. Kinachostahili kubaki ni sera ya faragha, chini kabisa, kwa kuwa unachukua namba za watu. Swali kama "nani haruhusiwi kuchangia?" lijibu chini ya fomu, jibu lifunguke hapohapo, kisha weka tena kitufe kwa maneno yaleyale, kimrudishe kwenye fomu. Menyu ya bosi iweke kwenye ukurasa wa asante, maana hapo mtu keshajiandikisha.