Lamineti: acha sentimita moja ukutani, usitupe vipisi

Nikiitwa kuangalia sakafu ya lamineti iliyovimba katikati ya chumba, naanzia pembeni. Nabandua skatingi, na mara nyingi nakuta ubao umebanana na ukuta au fremu ya mlango.

Lamineti ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, na nyuzi hizo hunyonya unyevu wa hewa. Hapa Mwanza, masika yakianza, mbao hutanuka. Sakafu yenyewe haigundishwi wala kupigiliwa chini, inaelea tu, hivyo ikikosa pa kwenda inapanda juu. Acha nafasi ya sentimita 1 kuzunguka chumba kizima, pamoja na kwenye fremu za milango, nguzo na mabomba, na uweke kabari kati ya ubao na ukuta mpaka umalize. Nafasi hiyo usiizibe kwa saruji. Skatingi itaifunika, nayo pigilia ukutani, kamwe si kwenye ubao. Kabati zito la kujengea nalo lisikae juu ya sakafu hii, maana litaibana pale pale.

Tuje kwenye vipisi, ambako pesa nyingi hupotea. Chukua chumba nilichokiwekea sakafu Nyegezi: urefu mita 4, ubao wa sentimita 121.5. Ukitoa nafasi za pande mbili unabaki na sentimita 398. Mstari wa kwanza unakula mbao tatu nzima na kipande cha 33.5, kinabaki kipisi cha 88. Hicho ndicho kinaanza mstari wa pili. Unafuatisha mbili nzima, unamalizia na 67, kinabaki cha 54.5. Nacho kinaanza mstari wa tatu: mbili nzima, kisha 100.5, na mkononi unabaki na kipisi cha 21.

Hapo simama. Kipisi kilicho chini ya sentimita 30 hakianzishi mstari, kwa sababu kipande kifupi hivyo hakishikani vizuri na sakafu italegea ukikanyaga. Mstari wa nne anza na ubao mzima, mzunguko ujirudie. Mistari mitatu imetumia mbao 10, na kilichobaki ni hicho cha 21 tu. Vipisi kama hivyo mimi huvitumia kugongea mbao zishikane, ili nyundo isivunje ulimi, ile kingo nyembamba ya ubao inayoingia kwenye mtaro wa ubao jirani.

Angalia pia upande unaokata. Ubao wa mwisho wa mstari ukatwe upande unaogusa ukuta, ule wenye ulimi au mtaro ushikane na mwenzake. Kipisi kinachobaki kina ncha nyingine nzima, na hiyo ndiyo itakayoungana na ubao unaofuata kwenye mstari mpya. Ukigeuza, unabaki na kipande kisicho na pa kushikia.

Kwa sakafu iliyokwisha kuvimba, usikimbilie kuing'oa. Toa skatingi, kata ukingo uliogusa ukuta, kisha iache siku chache. Kama maji hayajaingia kwenye mbao, mara nyingi inashuka yenyewe. Ila kingo za maungio zikiwa zimefura kama mkate uliolowa, ubao huo umekwisha, ubadilishe.