Sudoku ya maboksi yaliyopinda: angalia vyumba vilivyobaki

"Za kawaida namaliza fresh, ila hizi za maboksi yaliyopindapinda nakwama mapema. Nafanyaje?"

Mkuu, anza pale boksi linapokaribia kufanana na mstari. Tuseme boksi limekula vyumba 8 vya mstari wa kwanza, kimoja kikaning'inia mstari wa pili, na kwenye mstari wa kwanza kimebaki chumba kimoja cha boksi la jirani. Mstari una 1 mpaka 9, boksi pia, na vile 8 wanashea, kwa hiyo kilichoning'inia na cha jirani lazima viwe namba moja, ukipata 6 huku andika 6 kule. Vikiwa viwili kwa viwili, namba ni zilezile ila mpangilio hujui, usikopi tu (mimi niliharibu nyingi hapo).